Wasifu Usio na Tarakimu

Sauti ya Tusajigwe ilijulikana kijijini Masoko kuliko sura yake. Alianza kusoma matangazo kanisani akiwa msichana, miaka ile biashara zilipofunguliwa na mitumba ikaanza kushushwa Tukuyu kwa marobota. Redio za watu binafsi zilipokuja baadaye, moja ilimchukua asome matangazo ya vifo. Hapo ndipo alipokuwa mtu wa kila nyumba. Mama mmoja wa Suma aliwahi kuniambia kuwa asingependa kufa, lakini ikibidi, basi atangazwe na Tusajigwe.

Na kwenye misiba yenyewe aliitwa kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa hapayuki wala halii. Alisoma kama mtu anayekueleza njia ya kwenda kwa jirani, na watu walilia wenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia spika. Jina langu ni Obed, nina duka la matangazo na vipaza sauti karibu na soko la Tukuyu, na nimesikia wasifu wa watu wengi kuliko mchungaji yeyote wa wilaya hii. Mwingi niliusahau kabla ya kukunja nyaya. Aliousoma yeye siusahau.

Kisha akaota tezi shingoni. Daktari alimwonya mapema kwamba mshipa wa sauti unapita hapohapo jirani. Tezi ikatolewa, na sauti ikaondoka nayo. Kilichobaki ni mnong'ono, tena wa kutegea sikio. Redio walimpa barua ya shukrani na kitenge. Nilikasirika kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe hakukasirika, na hasira isiyo na mwenyewe inachosha sana.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kutumia sauti ya kompyuta. Unaandika maneno, kompyuta inayasoma kwa sauti ya mwanamke, unatoa faili, unaliweka kwenye flashi, unalipiga kwenye spika za gari. Kwa kutangaza mbegu na minada ilitosha. Nilimwomba Tusajigwe awe mwandishi wangu, naye akakubali. Ndiye aliyenifundisha kuwa mashine inapokosea kusoma, kosa si lake peke yake. Sisi tunaandika kwa ajili ya macho. Mtu akiona "Sh. 2,500/=" macho yake yanajua la kusema. Mashine haina uzoefu huo. Nyingine itasoma vizuri, nyingine itasema mbili, itapumua, kisha itasema mia tano, na ule mkia wa mwisho itautafuna inavyojua. Kwa hiyo Tusajigwe aliandika "shilingi elfu mbili na mia tano", akamaliza ubishi.

Mwaka huo huo mama yake, Esnath, akafariki.

Mama Esnath alikuwa amemwambia binti yake mara nyingi, tena mbele ya watu, kuwa siku yake asome yeye na si mwingine. Aliendelea kusema hivyo hata baada ya ile operesheni, kama vile hakusikia habari. Sasa siku imefika na msomaji hana sauti. Tusajigwe alikuja dukani kwangu asubuhi, macho yamevimba, akaninong'oneza: "Nataka isome mashine. Lakini maneno yawe yangu."

Kizuizi kilikuwa kaka yake mkubwa, Samson, mstaafu wa halmashauri moja ya mbali, mtu wa faili na mihuri. Hakuwa mbaya. Ila miezi michache nyuma, kwenye msiba mmoja kule Ikuti, mshindani wangu mmoja wa spika alipachika kwenye kompyuta wasifu wa mzee kama ulivyoandikwa. Ikasoma tarehe ya kuzaliwa kuwa ishirini na tano mkwaju kumi na mbili mkwaju, yaani ile mistari ya katikati, ikaendelea na mwaka. Ikasema marehemu ameacha watoto mbili. Ikasema ibada itaanza saa kumi na nne. Watu walicheka na jeneza liko mbele yao. Samson alikuwepo, na hakuwa amesahau. Alisema mama yake hatachekwa, wasifu utasomwa na katibu wa usharika. Ilibidi baba yao, mzee Ambwene, aamue. Akasema mashine ijaribiwe kwanza. Ikiwa na aibu, katibu asome.

Basi Samson akatupatia karatasi yake aliyoichapa, tukaketi dukani mimi na Tusajigwe. Kulikuwa na mvua ile ya Tukuyu isiyo na haraka. Tulipiga sentensi mojamoja, tunasikiliza, tunarekebisha, tunapiga tena.

"Alizaliwa 01/07/1944" ikawa "alizaliwa tarehe mosi Julai, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na nne". Mosi, si moja, kwa sababu ndivyo tunavyosema, na mashine haiwezi kujua hilo kutoka kwenye tarakimu. "Mazishi saa 8:00" ikawa "saa nane mchana". Hapa nilitaka kuacha tarakimu, maana nane ni nane. Tusajigwe akatikisa kichwa, akaniandikia pembeni kuwa leo itasema nane, kesho wakibadilisha programu itasema nane sifuri sifuri. Rambirambi ya kikundi cha wakulima wa chai, iliyokuwa na koma na mistari kama uzio, ikawa "shilingi laki tatu na elfu hamsini". Namba ya simu ya familia tuliiandika tarakimu mojamoja kwa maneno, sifuri saba tano nne, na koma katikati ili ivute pumzi. Kazi ilikwenda vizuri, na nilianza kuona kuwa Samson hatakuwa na la kusema.

Tukafika mstari huu: "Watoto 9 (hai 5), wajukuu 21."

Mashine ikasoma: watoto tisa hai tano.

Nilimwambia aandike "ameacha watoto watano", tuendelee. Ndivyo inavyofanywa kila msiba. Mabano yapo kwenye karatasi, msomaji anayaona, anayaruka, na hakuna anayeuliza. Hata yeye Tusajigwe alikuwa ameyaruka ya watu wengi. Lakini safari hii aliweka kidole kwenye mabano. Mashine hairuki. Inasema ulichoandika, na usichoandika haisemi, kwa hiyo ilikuwa lazima aamue yeye, sasa hivi, kama wale wanne wamo au hawamo.

Akaandika: "Alizaa watoto tisa. Watano wako hapa. Wanne walitangulia." Kisha akasimama kwenye nukta. Alitaka majina, na hakuwa nayo yote. Wawili walikufa kabla yeye hajazaliwa.

Tulikwenda Masoko na pikipiki yangu, tukiwa tumelowa. Mzee Ambwene alikuwa amekaa na wanaume wenzake nje, chini ya turubai. Tusajigwe akapiga magoti, akamnong'oneza sikioni. Sikusikia alichosema, nilimwona tu mzee akishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Samson alikuja upesi. Alipoelewa, alikasirika, akasema habari za watoto wale hazisemwi msibani, zitamvunja baba, na kwamba hajaomba hadithi, ameomba tarehe zisomeke. Mimi nilidhani ni ukaidi wa ofisini. Baadaye nilielewa. Yeye na kaka yake mkubwa walikuwa wanalala mkeka mmoja mwaka wa surua, na aliyeamka ni yeye.

Mzee alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kizito cha kwetu: "Mimi na mama yako tulizika hawa wenyewe. Tukanyamaza, tukalima. Sasa na yeye amekwenda, nimebaki mimi peke yangu nayajua majina yao yote. Andika, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana."

Akayataja. Anyitike, yule wa mkeka mmoja na Samson, na Felista, wa surua, msimu mmoja. Lusungu, wa homa. Wa mwisho, akasema, hakufikishwa kwenye jina. Tusajigwe aliandika magotini, machozi yakimdondokea kwenye karatasi, na hakuyafuta. Mimi nilitazama migomba. Sina aibu kusema kuwa nilishindwa kutazama kwingine.

Siku ya mazishi ilikucha bila mvua. Mashine iliruhusiwa. Samson alisimama karibu na mikisa yangu ya sauti, mikono nyuma, na nilijua anangoja kosa. Nilibonyeza.

Sauti ilitoka, ya mwanamke asiyekuwa na kwao, tulivu. Tarehe mosi Julai. Elfu moja mia tisa arobaini na nne. Hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyegeuka. Tusajigwe alikuwa amesimama upande wa kichwa cha jeneza, midomo yake ikicheza sambamba na kila neno, kiasi kwamba mama mmoja nyuma yangu alimuuliza mwenzake kama amepona. Ikaja ndoa, ikaja ushirika wa akina mama, yakaja mashamba ya chai aliyoyapanda kwa mkono wake.

"Alizaa watoto tisa. Watano wako hapa. Wanne walitangulia. Anyitike. Felista. Lusungu. Na mtoto wa kiume aliyeondoka kabla ya kupewa jina."

Mashine ilisema hivyo kwa sauti ileile iliyotajia tarehe, bila kuzidisha wala kupunguza, kisha ikaendelea na wajukuu ishirini na mmoja. Bibi vizee waliokuwa wamekaa kwenye mikeka waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine. Nadhani kila mmoja alikuwa na mabano yake.

Wasifu ukaisha. Mchungaji akasogea mbele, amefungua kinywa aanze. Mzee Ambwene akainua fimbo.

"Rudisha pale pa watoto," alisema.

Kurudia wasifu msibani si desturi, na mchungaji alikuwa amesimama tayari. Nilimtazama Samson, kwa sababu ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Uso wake ulikuwa umelowa wote. Akainama kwenye kompyuta yangu, mtu mzima yule, akaniuliza kwa sauti ndogo ni wapi pa kubonyeza. Nilimwonyesha. Akabonyeza yeye, na tukasikiliza tena sote tukiwa tumesimama, na jina la Anyitike lilipotajwa, Samson aliitika kwa niaba ya kaka yake.