Ndama wa Ngamia Asiye na Nundu

Mume wangu aliondoka Nkoma mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu na chama cha ushirika. Alisema anakwenda Uarabuni kuchunga ngamia wa tajiri mmoja, miaka miwili tu. Nilimsubiri minne, nikilima shamba pamoja na mama yake. Kaka yangu alikuja mara mbili kunichukua nikaanze maisha kwingine. Nilimfukuza.

Barua zilipitia kwa rafiki yake wa Mwanza, aliyezitia kwenye bahasha nyingine, kwa hiyo stempu zilikuwa za hapa hapa. Moja ilikuja na picha. "Hawa ndio ngamia wangu," aliandika. Amevaa koti zito; nyuma yake mnyama mwenye nundu mbili na manyoya yanayoning'inia shingoni, na ubavuni mwingine mdogo, shingo imesimama wima, mgongo bapa kama meza. Nikamuuliza mama mkwe nundu ya huyu mdogo iko wapi.

"Huyo ndama, mwanangu," akasema bila kusita. "Hata ng'ombe wetu, ndama ana nundu gani? Inakuja na umri."

Nani angembishia? Yule mama alikuwa akiona sikio tu la ng'ombe, anakutajia mama yake. Nikaibandika picha ukutani, nikawa najigamba kwa wageni kuhusu ndama wa mume wangu. Punguani mimi!

Mwalimu wa jiografia wa sekondari alikuja siku moja kununua maziwa, akasimama mbele ya ile picha, akacheka.

"Dada, huyu si ndama. Ngamia ana masikio madogo ya mviringo, hata akiwa mchanga. Haya marefu, yamepinda kwa ndani kama ndizi, ni ya lama. Ni ndugu yake ngamia, ila hana nundu maisha yake yote. Kwao ni milima ya Amerika Kusini."

"Labda kuna aina nyingine," nikasema.

"Ipo alpaka. Lakini huyo masikio yake ni mafupi, yamenyooka, na manyoya yanamfunika mpaka kwenye paji la uso. Tena huyu wa nyuma, mwenye nundu mbili, ni wa Asia ya baridi. Wa Uarabuni wana moja. Hawa wawili wamekutana kwenye bustani ya wanyama, si jangwani."

Alipoondoka niliibandua picha, nikamfuata mama mkwe uani alikokuwa akichambua pamba. Nikamwekea mapajani.

"Mayu, ndama huyu kazaliwa wapi?"

Hakuitazama.

"Mwanangu yuko Ulaya," akasema. "Ana mke huko, na mtoto. Rafiki yake aliniambia mwaka juzi."

"Ukanidanganya ni ndama!"

"Ningekuambia ungeondoka. Shamba hili ningelima na nani?"

Akaitoa picha mapajani, akasogeza kikapu, akanipisha nikae tuendelee kuchambua.