Pandeni, Kocha!

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia katika bohari la shirika lililoniajiri kufundisha timu yake, pale Kariakoo, nikiwa na suti na stashahada ya ukocha niliyoipata Ulaya Mashariki. Nilikuwa nimeitia kwenye fremu. Msinicheke. Mtu aliyebeba magunia ya viazi sokoni mpaka akajisomesha ana haki ya kuwa na fremu.

Meneja Utumishi aliitazama, akanirudishia.

"Ndugu Kocha, hii nimeiona. Sasa nataka kuiona uwanjani. Ukishindwa katika muda wa majaribio, bohari lina upungufu wa makarani."

Wachezaji wangu walikuwa wapakiaji na madereva. Niliwafundisha mtego wa kuotea, ambao mjini wachache waliuelewa. Mabeki wanne husimama mstari mmoja. Kabla tu adui hajapiga pasi, wote husogea mbele kwa pamoja, na mshambuliaji anabaki nyuma yao, karibu na goli, akiwa ameotea. Mmoja akichelewa, mtego umekufa. Amri yangu ilikuwa neno moja: "Pandeni!" Tulifanya zoezi hilo viwanja vya Mnazi Mmoja mpaka wakanichukia.

"Kocha, tunapanda wapi, mnazi?" aliuliza Mrisho, kapteni na beki wa kati, mpakiaji mwenye mdomo kuliko misuli. Ninyi makocha wa leo hamjui kuchokozwa.

Mechi iliyobeba hatima yangu tuliicheza hapohapo, dhidi ya timu ya kiwanda. Tukiongoza bao moja, mwishoni kabisa, kiungo wao aliinua mguu kupiga pasi. Mabeki wangu wakapanda, wote wanne, kama mlango unaofungwa. Mshambuliaji wao akafunga akiwa peke yake, lakini mshika kibendera alikuwa amekwisha kuinua mkono. Bao likakataliwa. Tukashinda.

Nilimwambia Meneja, "Neno moja tu, Ndugu Meneja. Nilisema, wakapanda." Akaandaa barua ya kunithibitisha. Ikabaki kusainiwa.

Basi ikaja siku yangu ya kuzaliwa. Desturi hiyo niliileta mimi kutoka ng'ambo, na nilikuwa nimewakumbusha vijana kwa wiki tatu nzima. Wakaniandalia mandazi na chai kwenye kantini, na risala. Risala ya namna hiyo ina utaratibu: kipa, mabeki, viungo na washambuliaji kila kundi hutoa sentensi yake, kapteni anaziunga na kuzisoma, timu inaitikia. Inaanza na sifa, inatia utani, inakumbusha siku moja ambayo wote mliiona, inamaliza kwa shukrani. Anayesomewa haruhusiwi kukatiza. Meneja alikuwa meza ya mbele.

Mrisho akasimama, akakohoa kama mbunge.

"Kwako Kocha wetu, msomi wa fremu!"

"Msomi!" wakaitikia.

"Umetufundisha kusogea kama mtu mmoja. Umetukimbiza mpaka wake zetu wakatusahau sura. Leo unapoongeza mwaka, sisi mabeki tunaikumbuka mechi ya kiwanda. Tulisikia 'Pandeni!', tukapanda. Tukageuka tukushukuru. Kocha, ulikuwa na chungwa zima mdomoni!"

Kantini ikalipuka. Nikainuka. Mrisho akaninyooshea kidole.

"Bado, Kocha! Aliyepiga kelele ni konda wa basi la Magomeni, pale kituoni kando ya uwanja: 'Pandeni! Pandeni, twende!' Basi tunakutakia maisha marefu, wewe na msaidizi wako, Ndugu Konda. Bila wewe tungekuwa tunapakia magunia tu. Asante, Kocha."

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama Meneja. Hakuwa akicheka.

"Ndugu Kocha, ulisema au hukusema?"

Wapumbavu wale! Shukrani yao ilikuwa inanipeleka kwenye ukarani, nao wanatafuna mandazi. Nikasimama wima.

"Ndugu Meneja, konda alitumia neno langu. Na abiria wake kituoni waligombana mlangoni. Mabeki wangu walipanda pamoja."

Meneja akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Watu wanaoitikia hivyo hata kwa konda," alisema akijifuta machozi, "aliyewafunza asiende bohari." Barua akaisaini kesho yake.

Nilifundisha timu nyingine nyingi, na vikombe viko kabatini kwa anayetaka kuviona. Sasa nimestaafu. Lakini kila mwaka, siku yangu ya kuzaliwa, alfajiri, simu inalia: "Shikamoo Kocha! Pandeni!" Ni Mrisho, mzee mwenye wajukuu, na utani uleule uliochakaa. Namwambia ananichosha, akue.

Mwaka jana jua lilipanda, simu kimya. Nikampigia mwenyewe, na alipopokea sikungoja salamu.

"Mrisho, umechelewa! Mmoja akichelewa, mtego umekufa!"