Bili Yenye Jina la Marehemu

Waruguru Njoki alipata cheti cha kupiga chapa tarehe 9 Aprili 1993, katika chuo kimoja cha mtaa wa River Road, Nairobi, kwa kasi ya maneno hamsini kwa dakika. Cheti hicho kimening'inia tangu 1995 kwenye ukuta wa kibanda chake cha kazi za uandishi huko Kitengela, upande wa barabara ya Namanga. Kilipoanza kupauka kwa jua alikihamishia juu ya mashine ya fotokopi.

Alianza na taipureta mbili. Kufikia mwaka 2006 alikuwa na kompyuta, printa na skana, na wateja ambao hawakuhitaji kueleza sana walichotaka: barua za kuomba kazi kwenye viwanda vya Athi River, mikataba ya kuuziana mashamba, matangazo ya harambee. Chuoni alifundishwa kwamba mpiga chapa huweka herufi za majina yake chini ya kila barua, ili ikitokea shida ajulikane nani aliiandika. Wenzake waliacha mtindo huo zamani. Yeye hakuacha. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na WN, ndogo, upande wa kushoto.

Jumanne, tarehe 31 Januari 2006, jirani yake Istar Jeylani aliingia na bili ya stima iliyokunjwa mara nne. Istar aliuza nguo sokoni, na kibanda chake kilikuwa na leseni yenye jina la shemeji yake, Bishar. Dada yake Istar alikuwa amefariki Garissa, na mtoto wa dada huyo, Najah, mwenye miaka sita, alikuwa katika makao ya watoto huko Kajiado tangu Oktoba. Istar alitaka kumchukua. Afisa wa watoto alitakiwa kuandika ripoti kwa hakimu kufikia Ijumaa, na katika fomu aliyompa Istar palikuwa na mstari wa ushahidi wa makazi, na mfano wake: bili ya stima.

"Mama Kahiga, hii jina utoe," Istar alimwambia Waruguru, akimwita kwa jina la mwanawe. "Uweke yangu. Kwa hiyo mashine yako ni dakika mbili."

Bili ilikuwa ya Katoo ole Nkaru, Mmaasai aliyeuza kipande cha ardhi ambapo Istar aliishi na kufariki kabla hati ya shamba haijagawanywa. Aliyenunua, Githongo, alijenga vyumba kumi juu yake, vyote kwenye mita moja ya stima. Istar alikuwa ameishi chumba cha nne kwa miaka saba. Hakuna karatasi yoyote iliyosema hivyo.

Waruguru aliisoma bili pande zote mbili.

"Siwezi, Mama Sadiyo."

"Huwezi ama hutaki?"

"Mashine inaweza. Mimi siwezi."

Kwenye benchi alikuwa ameketi Lazarus, fundi wa mabomba, akingoja barua yake. "Si umsaidie tu," alisema. "Haibi ng'ombe ya mtu. Anaishi hapo, hata mbwa wa ploti wanamjua."

"Basi wewe Lazarus nenda Kajiado na hao mbwa wakatoe ushahidi."

Istar hakucheka. Waruguru alimvutia kiti na kumwonyesha kwa kalamu. Hii ni namba ya akaunti, hii ni namba ya mita. Afisa akipiga simu kampuni ya umeme ataambiwa ni za Katoo. Hapo ni kughushi, na sheria haitauliza kama chumba ni chake kweli. Itauliza nani alitengeneza karatasi na nani aliipeleka.

"Na hakimu akishika uongo mmoja, hata ile ukweli umesema ataitupa," alisema. "Watasema huyu mama anadanganya, tutampaje mtoto? Kila karatasi hapa naweka herufi zangu chini. Kwa hii nitaweka wapi?"

"Na bila hii Najah anapelekwa makao ya Nakuru. Pale Kajiado hawana nafasi tena. Wameniambia."

Waruguru alichukua karatasi safi akaandika njia zilizobaki: barua ya mwenye nyumba kwamba Istar ni mpangaji wake, barua ya chifu, kiapo mbele ya wakili, kikieleza anapoishi na tangu lini, na majirani wawili nao waape kwamba wanamfahamu. Leseni ya biashara ingefaa pia, lakini ilikuwa ya Bishar.

Walianza na Githongo, kwa sababu alikuwa karibu. Walimkuta akikagua tangi la maji.

"Barua ya nini, mama? Si unakaa tu vizuri?"

"Ni ya kuonyesha nakaa hapa, mzee."

"Nikiandika uko mpangaji wangu, mtu ataniuliza ploti ni ya nani. Hati bado iko kwa jina ya Katoo, na watoto wake wanaanza kuulizauliza. Hapana. Mambo ya korti mniondoe."

Waruguru alimweleza kwamba barua ingetaja chumba tu. Githongo alirudi kwenye tangi lake.

Jumatano walikwenda kwa chifu. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mwaka huo ukame ulikuwa umemaliza mifugo, na chifu alikuwa vijijini akigawa mahindi ya msaada. Mwanamke aliyekuwa akifagia nje alisema chifu angerudi Jumatatu. Muhuri wa ofisi alikuwa ameondoka nao.

Kilichobaki ni kiapo. Waruguru alikipiga chapa mwenyewe jioni ile na hakutaka malipo. Alhamisi Istar alikitia sahihi mbele ya wakili, na Waruguru na Lazarus wakaapa vya kwao. Wakili aligonga muhuri kila ukurasa.

Ijumaa asubuhi walikuwa Kajiado. Afisa wa watoto, Bi. Wakhungu, alisoma viapo polepole.

"Hizi ni sawa," alisema. "Lakini ni maneno yako na ya rafiki zako. Nahitaji mtu wa serikali wa pale. Barua ya chifu iko wapi?"

"Anarudi Jumatatu."

"Na bili?"

"Si ya jina langu. Iko kwa jina ya mtu alikufa."

Wakhungu aliinua macho. "Bili ilikuwa mfano tu, mama. Wapangaji wengi hawana. Hata ungeleta, bado ningekuja kuona chumba na kuuliza majirani. Kwa nini hukuniuliza mapema?"

Istar alisema fomu iliandikwa bili, na yeye aliamini fomu. Kwa wiki tatu alikuwa ameomba bili kwa watu wasiokuwa nayo. Chifu alikuwa ofisini wiki zote hizo.

Wakhungu aliandika katika ripoti kwamba makazi yalikuwa hayajathibitishwa, akaomba muda wa kutembelea chumba. Hakimu alikubali. Lakini nafasi ya Nakuru ingeshikiliwa hadi Jumatatu tu, na makao ya Kajiado hayakuweza kumweka mtoto zaidi. Istar aliuliza kama angeweza kulala na Najah nje ya lango la makao hadi Jumatatu. Wakhungu alifunga faili. Waruguru alikuwa amesimama nyuma yake na bahasha ya viapo mkononi, na hakujua aiweke wapi.

Kwenye makao walimruhusu Istar amwone Najah kwa nusu saa. Alimsuka nywele za upande mmoja wa kichwa kabla ya muda kwisha.

Jumatatu, tarehe 6 Februari, gari litampeleka Najah Nakuru saa mbili asubuhi. Saa hiyohiyo Istar atakuwa mlangoni pa chifu. Kesi itatajwa tena tarehe 3 Machi.