Mstari wa Kwanza wa Barua ya Fundi Viatu

Tarehe 9 Machi 2021, fundi viatu alitia saini kwamba mkewe asiwekwe kwenye mashine ya kupumulia. Mkewe aliwahi kusema, "Mashine sitaki," naye akayashika maneno hayo yalivyo.

Sasa mapafu yake mwenyewe yamechoka, na barua ya matakwa yake iko mezani kwa daktari. Mstari wa kwanza unasema: "Nikishindwa kusema, mashine sitaki."

"Hata kwa siku chache, mzee wangu, ikiwa ni nimonia inayotibika?" daktari aliuliza. "Tunajaribu, na usipopata nafuu tunaiondoa."

"Kumbe huondolewa?"

"Huondolewa, na unapewa dawa usihangaike."

Fundi aliivuta barua yake karibu. Mkewe naye alikufa kwa nimonia. Siku ile ya saini hakuulizwa swali hilo, wala yeye hakuuliza.

"Baba, usijilaumu," binti yake aliyeketi kando yake alisema. "Hukujua."

"Majuto ni mjukuu, mama. Huyu wangu kashaota ndevu."

Akaufuta mstari, akaandika kwamba mashine ijaribiwe siku tano ikiwa kuna matumaini ya kupona, kisha binti yake azungumze na daktari kwa niaba yake. Kesho atatia saini nakala safi mbele ya mashahidi wawili.