Anayekataa Haulizi Rangi

Mimi Brightness nina mdomo, kila mtu Olasiti anajua, kwa hiyo nitasema mapema: sikumpenda Nusura alipoletwa kiwandani kwetu. Sisi mafundi wanane tulikuwa tunafuma sweta za shule kwenye mashine tangu asubuhi, mabega yanauma, halafu analetwa mama mmoja wa makamo, amejifunga mtandio wake vizuri, anakaa kwenye kiti na simu mbili. Eti kazi yake ni kusoma majibu.

Majibu yenyewe yalikuwa hivi. Kila Oktoba bosi wetu, Mzee Ndesanjo, alituma ujumbe wa WhatsApp kwa wakuu wa shule binafsi kuanzia mjini mpaka huko chini ya Mlima Meru, kwa sababu sweta hununuliwa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wakuu walijibu. Mzee akasoma, akafurahi au akanuna, halafu wiki iliyofuata akawatumia wote ujumbe uleule tena. Mwalimu aliyekwisha kusema hataki aliupata mara tatu. Mmoja alimjibu kwamba akiona sweta tena atahama nchi.

Mwaka huo hali ilikuwa mbaya. Mzee alitukusanya akatuambia bila kuzunguka: isipopatikana oda kubwa kabla Novemba haijaisha, mashine zinafunikwa na sisi tunarudi nyumbani. Nina watoto wawili na mama mzazi, na hakuna fundi kati yetu aliyekuwa na mkataba wa kazi. Usiku sikula.

Nusura yeye aliingia kazini. Alichukua simu ya ofisi, akafungua jedwali kwenye kompyuta, akaanza kuhamisha majibu moja baada ya jingine. Siku ya tatu uvumilivu ulinishinda, nikamfuata wakati wa chai.

"Dada Nusura, hivi unachokifanya hapo ni nini hasa?"

"Nagawa," akasema. "Yupo anayetaka, huyo apigiwe leo, asipoe. Yupo wa baadaye, huyo aulizwe tarehe, na siku ile ikifika ndiyo nimtafute, si kabla. Yupo ambaye siye, tumemwandikia mtu asiyehusika. Na yupo aliyekataa. Huyo nashukuru, namtoa kwenye orodha, basi."

"Na huyo asiyehusika unamtupa?"

"Namtupaje? Ndiye anayemjua anayehusika."

Akanionyesha. Mwalimu Hans alikuwa ameandika: "Mimi si mkuu wa shule tena, nimestaafu tangu Juni. Siku hizi nasumbuliwa na kuku tu." Bosi alikuwa ameshamhesabu kuwa amekataa. Nusura alimwandikia: shikamoo mwalimu, hongera kwa kustaafu, samahani kwa usumbufu, je, nani amepokea ofisi yako? Mwalimu Hans akatuma jina na namba, akaongeza na picha ya kuku. Mkuu mpya alijibu kwamba bodi inakaa tarehe kumi na nane, na Nusura akamhamishia kwenye baadaye, akaandika tarehe.

Nilirudi kwenye mashine nikiwa nimeanza kumheshimu, ingawa sikumwambia.

Alikuwa amejifunza wapi? Miaka kumi na miwili alikaa mapokezi ya hoteli moja mjini, akipokea simu. Aliniambia kwamba sisi watu wa hapa hatuna ujasiri wa kusema hapana. Tunasema wazo zuri, Mungu akubariki, tutawasiliana. Mtu anafunga mlango huku anakuchekea, na wewe unaondoka unaimba.

Sasa tufike kwenye wiki yenyewe. Shule moja kubwa ya upande wa Kikatiti iliandika barua ndefu kwenye simu: wamepokea wazo letu kwa furaha kubwa, wanatupongeza kwa juhudi, wanatuombea, na watawasiliana nasi pale itakapohitajika. Mzee aliisoma kwa sauti mbele ya mashine. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, nakiri. Akasema kesho anakwenda kununua nyuzi za rangi ya damu ya mzee, sare ya shule ile, kwa hela yote iliyobaki.

"Bosi," Nusura akasema kutoka kwenye kiti chake, "hao nimewaweka kwenye waliokataa."

Mzee akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Nusura, hujaona wanavyotubariki?"

"Nimeona. Hawajauliza bei. Hawajasema wana wanafunzi wangapi. Hakuna tarehe. Hao wameaga. Ila huyu hapa wa Terrat anataka, na wewe umemhesabu kuwa amekataa."

Wa Terrat alikuwa Mwalimu Anyesi, mwenye shule yake mwenyewe. Aliandika hivi: "Mwaka jana fundi mmoja aliniletea takataka, mashati yote yamekuwa kijani. Za kwenu zinachuja? Mnashona nembo au mnabandika? Msinipotezee muda."

"Huyu mama ametutukana!" Mzee akasema.

"Ametuuliza maswali mawili. Anayekataa haulizi rangi, bosi. Nunua nyuzi za sweta moja tu, kijani, twende kesho."

Nilisali kimoyomoyo na sikujua niombee upande gani. Mwishowe Mzee akasema haya, sweta moja, lakini ikishindikana Nusura atakuwa wa kwanza kurudi nyumbani. Nusura akajibu sawa. Akarudi kwenye jedwali, akamhamishia Mwalimu Anyesi kwenye wanaotaka, na hapo ndipo nilipompenda.

Sweta ile niliifuma mimi. Kwa hiyo nikapelekwa nayo Terrat, nikajibu maswali ya ufundi. Mwalimu Anyesi hakutukaribisha hata kukaa. Aliagiza beseni la maji ya moto, akamimina sabuni ya unga, akaitumbukiza sweta yangu pamoja na kitambaa cheupe, akaikamua kama ina deni naye. Kitambaa kikatoka cheupe. Akavuta nembo kwa kucha. Haikubanduka, niliishona kwa uzi mara mbili.

"Sweta mia nne na ishirini," akasema. "Kabla ya tarehe tano Januari."

Mzee hakujizuia. "Mwalimu, mbona ulituandikia kwa ukali vile?"

"Ukali gani? Nilikuwa nauliza."

Nilimtazama Nusura. Alikuwa anaandika tarehe tano Januari kwenye daftari kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Jioni ile kiwandani tulicheza. Wale wa Kikatiti Nusura aliwaandikia mistari miwili ya shukrani, nao wakajibu kwa ikoni ya mikono ya kusali, wakaishia hapo. Mzee akasimama mbele yetu, macho yamelowa, akasema anaona fahari kutuita mafundi wake. Halafu akasema kuhusu kazi zetu tusiwe na wasiwasi, habari ya mikataba tutaiangalia huko mbele.

Tulipiga makofi, wajinga sisi. Mimi wa kwanza.

Nusura hakupiga. Alifungua jedwali, akasogeza kiti, akauliza kwa adabu zote:

"Huko mbele ni tarehe ngapi, bosi? Nijue nakuweka wapi."

Makofi yakakatika. Mzee akatutazama sisi wanane mmoja mmoja.

"Tarehe mosi Desemba," akasema. "Wote."

Nusura akaandika.