Jana Alikula Nini

Mwaka 2017 nilikuwa na digrii, sikuwa na kazi, na nililala sebuleni kwa dada yangu huko Malvern, ugenini kusini mwa Afrika. Yeye alisuka nywele kwenye saluni ya Jules Street tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi nilibaki na mwanawe wa mwisho, binti wa mwaka mmoja na nusu. Kliniki walipomzungushia mkanda wa kupimia mkononi, ulisoma rangi ya njano: utapiamlo wa kati. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, na kwa kuwa Dada hakujua Kiingereza, nikawa mkalimani.

Mtaalamu alikuwa mama mpole mwenye kalamu mbili. Hakuuliza mtoto anapenda nini. Aliuliza: "Jana alikula nini, tangu alipoamka?"

Dada akajibu ukweli. Chai ya rangi na mkate. Mchana uji. Jioni ugali na mchuzi kwenye sinia, pamoja na kaka zake wawili.

Nilifungua mdomo nikaogopa. Niliwaza: ataandika kwamba wageni hawa wanamlisha mtoto chai. Niliwaza ustawi wa jamii, niliwaza vibali vyetu. Nikasema, kwa Kiingereza kizuri kabisa: "Yai asubuhi. Uji mzito mchana. Jioni ugali na maharage."

Akaandika yote. "Vizuri. Endeleeni hivyo hivyo, ila ongezeni kijiko kimoja cha mafuta kwenye uji."

"Kasemaje?" Dada akauliza.

"Tuongeze mafuta kwenye uji."

"Basi?"

"Basi."

Wiki mbili nilizoishi baada ya hapo sizitamani tena. Ningemwambia Dada ampe yai, angeuliza lini tuliambiwa. Nilichemsha mayai kwa siri mara mbili, kaka za mtoto wakanusa wakayamaliza. Nilitia mafuta kwenye uji mwepesi kama maji ya mchele, yakaelea juu. Kila saa niliushika mkono wa mtoto kwa vidole viwili, kana kwamba ungenenepa nikiutazama.

Siku ya kurudi, mizani ilisoma vilevile.

Mtaalamu alifungua karatasi yake, akasoma nilichosema mimi. "Eish. Anakula vizuri, lakini haongezeki. Basi huenda ni ugonjwa. Hospitali wamchunguze, pengine wamlaze." Akaanza kuandika barua.

"Anaandika nini?" Dada akauliza. Mtoto alikuwa amelala begani kwake. Angelazwa, Dada angekaa naye, na kiti chake saluni kingechukuliwa na mwingine kabla ya mchana.

Niliona kalamu ikifika mstari wa tatu. Nikaweka kiganja juu ya barua.

"Nilidanganya," nikasema. Kisha nikasema tena kwa Kiswahili, maana pale hapakuwa na mahali pa kujificha upande wowote.

Dada akanigeukia. "Chai yangu ilikuaibisha?"

"Dada, niliogopa…"

"Msomi wetu! Kaenda chuo miaka mitatu kujifunza kumpikia mtoto mayai ya mdomoni."

Mtaalamu alikunja barua, akaiweka kando bila kuichana. "Sikuwauliza ili niwape maksi. Nesi atampima kifua kikuu hapa hapa. Nitasubiri wiki moja kabla ya kuituma barua. Sasa, jana alikula nini?"

Safari hii nilitafsiri kila neno, hata Dada aliponitukana katikati.

Mpango mpya ulikuwa tofauti kabisa. Chai ikome, maana inajaza tumbo na kuzuia madini ya chuma. Maziwa ya mama yaendelee. Ale mara tano kwa siku. Uji uwe mzito wa kukaa kijikoni, wenye kijiko cha siagi ya karanga na kingine cha mafuta. Yai moja kila siku. Ugali laini na maharage yaliyopondwa, au samaki wa kopo pamoja na mifupa yake laini, na spinachi. Katikati ya milo, amasi, yale maziwa mgando, au ndizi, au parachichi. Maini ya kuku mara moja kwa wiki. Na sahani yake mwenyewe, ili tuone alichokula na alichobakiza.

"Sahani yake?" Dada akashangaa. "Kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa."

"Mwambie kwa sasa ni mgonjwa," akasema mtaalamu.

Wiki ile nilimlisha kijiko kwa kijiko, nikiziba njia ya kaka zake kwa goti. Majibu ya kifua kikuu yalirudi salama, lakini sikupumua. Bado barua ilikuwa mezani kwa yule mama.

Tuliporudi kliniki, Dada alinionyesha benchi la nje. "Kaa hapo."

"Nani atakutafsiria?"

"Nina Kizulu cha saluni. Kinatosha."

Mlango ukafungwa. Nilimsikia akihesabu yai, maziwa mgando na maharage kwa sauti ya sokoni: "Iqanda! Amasi! Ubhontshisi!" Kisha kimya. Nikafikiria kila kitu kibaya kinachoweza kuingia kwenye kimya kama kile.

Alitoka na mtoto mgongoni.

"Amepanda uzito," akasema.

"Kiasi gani?"

"Ningekuambia, lakini utaongeza," akasema, akatangulia.