Simu Iliyokuwa Inabisha Hodi

Mama mwenye nyumba niliyopanga Nyarero hakuwa na haja na picha wala muziki. Kwenye simu yake alitaka kitu kimoja tu, sauti ya mwanawe. Kijana alijirekodi akimsimulia mama yake habari za machimbo, kwa Kikurya, kwa kirefu, akicheka katikati. Baadaye kifusi kilimfunika huko machimboni Kerende, akafa.

Simu yenyewe ilikuwa ndogo na ilikuwa imejaa. Kila mara tangazo la Kiingereza lilipojitokeza kwenye kioo, alinifuata nikitoka zamu ya zahanati. Aliamini nesi anasoma kila kitu. Hilo niliweza kulisoma: kuna toleo jipya la mfumo wa simu, lakini nafasi haitoshi, safisha kwanza. Chini kulikuwa na maneno mawili, moja la kuahirisha, lenye rangi hafifu, na jingine la kusafisha, limekolezwa rangi ya buluu.

Nilimweleza kwamba toleo jipya peke yake halifuti sauti ya mtu. Hatari iko kwenye kusafisha, kwa sababu simu inaleta orodha ya vitu vikubwa, vyote vimeshawekwa alama, na sauti ya mwanawe ndiyo iliyo kubwa kuliko vyote. Asiguse la buluu. Abonyeze mshale wa kurudi, tangazo litaondoka bila kufuta kitu.

Nikamwomba niihamishie sauti hiyo kwenye simu yangu, iwe na pacha. Alikataa katakata. "Mwanangu haendi kulala nyumba ya mtu," alisema. Nilikasirika, na bado nakasirika nikikumbuka. Lakini mwana alikuwa wake.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa mlangoni, simu mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Akanipa simu. Ilikuwa nyepesi ajabu, ikifunguka mara moja. Faili la sauti halikuwepo. Nikatafuta kwenye kapu la vilivyofutwa, nalo lilikuwa tupu; usafishaji ule hauweki akiba. Juu ya kioo toleo jipya lilikuwa linapakuliwa, sasa nafasi ilikuwepo.

Nilimuuliza, kwa ukali zaidi kuliko nilivyotaka, kwa nini hakubonyeza mshale.

"Tangazo lile lilibisha hodi kila siku," alisema. "Na mimi kila siku naligeuzia mgongo. Mtu akibisha hivyo unamnyamazia mpaka lini? Nikalikaribisha."

Alikuwa amebonyeza la buluu. Tangazo likamuuliza mara ya pili kama ana uhakika, naye akakubali tena, kama mtu anavyomkubalia mgeni anayeuliza kama kweli aingie.

Nikakaa kando yake. Tukiwa tumekaa hivyo, toleo likamaliza kupakuliwa, tangazo jingine likajitokeza likiomba ruhusa ya kuwasha simu upya. Akanisogezea.

"Sasa mwanangu, nibonyezee lile la kukataa."

Nikabonyeza.